Kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo ya mtoto mdogo anapoumwa nyumbani

Mtoto wa mwaka 1 au 2 hawezi kukuambia kwamba kifua kinambana. Atalia, atakataa uji, atang'ang'ania kubebwa, na mambo hayo hayo huyafanya pia akiwa na mafua ya kawaida. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimepokea watoto usiku wa manane. Swali ninalomuuliza mama kwanza hata kabla ya homa ni hili: anapumua mara ngapi kwa dakika? Wengi hujibu "anahema sana". Kuhema sana ni jambo la kuchukua kwa uzito, lakini namba inatuambia zaidi, kwa sababu inaweza kulinganishwa na ya saa moja iliyopita.

Unahitaji saa ya simu, karatasi na kalamu, na mwanga wa kutosha kuona tumbo la mtoto. Kipimajoto kikiwepo ni vizuri zaidi. Pumzi huhesabiwa kwanza, mapigo ya moyo baadaye. Usigeuze mpangilio huo. Ukianza kumshikashika ukitafuta mapigo ataamka au atalia, na pumzi utakazohesabu baada ya hapo zitakuwa za kilio.

Kuhesabu pumzi

Mtoto awe ametulia. Wakati mzuri kuliko wote ni akiwa amelala usingizi. Akiwa macho, akae mapajani kwa mtu anayemzoea, asiwe ananyonya, asiwe anakula, asiwe ametoka kulia. Kama amelia, subiri dakika 5 hadi 10 baada ya kunyamaza. Pua ikiwa imeziba makamasi, yatoe kwanza, kisha mwache atulie tena.

Pandisha nguo taratibu mpaka tumbo na sehemu ya chini ya kifua vionekane. Hapa wengi hukosea kwa kuogopa baridi: wanahesabu juu ya sweta au khanga. Nguo nzito inaficha pumzi ndogo, na pumzi ndogo za harakaharaka ndizo tunazozitafuta. Dakika moja ya tumbo kuwa wazi haitamdhuru.

Weka kengele ya simu iite baada ya dakika 1. Kengele ni bora kuliko kutazama saa, maana macho yako yabaki tumboni. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Kupanda na kushuka kwa pamoja ni pumzi moja, si mbili. Nimewahi kupokea mtoto aliyeletwa mbio na baba yake akisema anapumua mara 56. Tulipohesabu tukapata 28, kwa sababu baba alihesabu kupanda, kisha akahesabu na kushuka. Namba yako ikikushtua ilhali mtoto anacheza, angalia kwanza kama hukufanya hivyo.

Hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4. Watoto hawapumui kwa mwendo mmoja, huharakisha kidogo na kupunguza kidogo, na kosa la pumzi moja ndani ya sekunde 15 linakuwa kosa la pumzi 4. Ukipata 9 jibu ni 36, ukipata 10 jibu ni 40, na kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya kubaki nyumbani na kwenda zahanati. Iandike namba papo hapo pamoja na saa. Ikiwa kubwa, subiri dakika chache uhesabu tena.

Namba za pumzi

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 aliye mzima na ametulia hupumua mara 20 na kitu hadi 30 na kitu kwa dakika. Kuanzia miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye 40. Pumzi 40 au zaidi kwa mtoto aliyetulia huhesabiwa kuwa kupumua haraka, na kama ana kikohozi au anapumua kwa shida, hiyo ni dalili ya nimonia mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hufundishwa mpaka huo huo. Kwa mdogo wake wa miezi 2 hadi 11 mpaka ni 50. Kwa kichanga asiyefika miezi 2 ni 60, na huyo akiumwa apelekwe tu, hata namba ikiwa ndogo.

Homa nayo huongeza pumzi kidogo, na hapa ndipo wazazi hujipa matumaini: "ni homa tu, ikishuka atatulia." Mpe dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake, ndiyo, na uhesabu tena baada ya saa moja. Lakini ikiwa hesabu ya pili bado ni 40 au zaidi, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikifika 60, usisubiri hesabu ya pili wala dawa ya homa ifanye kazi. Anza safari.

Upande wa chini pia una hatari yake, na wengi hawaijui. Mtoto aliyekuwa anapumua mara 58, akahangaika saa nyingi, kisha pumzi zikashuka hadi 20 huku amelegea na haamki vizuri, hajapata nafuu. Amechoka. Misuli ya kifua imeshindwa kuendelea na kasi ile. Mtoto anayepona, pumzi hushuka huku yeye akichangamka: anafungua macho, anaomba maji, anakusukuma ukimgusa. Pumzi zikishuka huku naye anazidi kulegea, au zikiwa na vipindi vya kusimama kwa sekunde 15 au zaidi, hiyo ni dharura ya dakika hiyo.

Ukiwa bado umepandisha nguo

Kabla hujamfunika, tazama pale mbavu za chini zinapokutana na tumbo. Akivuta pumzi, kifua na tumbo vinapaswa kutoka nje pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea kuingia ndani kila anapovuta, huku tumbo likitoka, hiyo ni kubonyea kwa kifua. Ni lazima uione mtoto akiwa ametulia, na ionekane kila pumzi, si mara moja moja. Mtoto anayelia au anayenyonya kwa nguvu anaweza kubonyea bila kuwa na ugonjwa wa kifua.

Ukiiona kwa mtoto aliyetulia, namba ya pumzi haina tena neno la mwisho. Hata ukiwa umehesabu 36, mpeleke sasa hivi. Vivyo hivyo akiguna kila anapotoa pumzi, mianzi ya pua ikitanuka kila anapovuta, kichwa kikitikisika kwa kila pumzi, au ukisikia sauti kali ya kukwaruza kooni anapovuta pumzi ilhali hajalia. Rangi ya bluu kwenye ngozi yetu nyeusi haionekani mapema, kwa hiyo usiitafute usoni. Tazama ulimi na fizi kwa mwanga mzuri.

Kuhesabu mapigo ya moyo

Kwa mtu mzima tunashika kifundo cha mkono. Kwa mtoto wa umri huu kifundo ni kinene, kina mafuta, na mapigo hupotea. Shika mkono wa juu, upande wa ndani, katikati ya kwapa na kiwiko. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, ukibonyeza kidogo kuelekea mfupa mpaka usikie kugongagonga. Usitumie kidole gumba, kina mapigo yake na utahesabu moyo wako mwenyewe. Kuna njia rahisi ya kujua kama umekosea hivyo: moyo wa mtu mzima aliyetulia mara nyingi uko kwenye 70 au 80, kwa hiyo ukipata 76 kwa mtoto mwenye homa, huenda ni wako. Kama mkono umekushinda, weka sikio lako juu ya kifua chake upande wa kushoto, karibu na chuchu. Utasikia "du-dup, du-dup". "Du-dup" moja ni pigo moja.

Sasa kuna tatizo la lugha yetu. Moyo wa mtoto mgonjwa mara nyingi unapiga zaidi ya mara mbili kwa sekunde, na huwezi kutamka "ishirini na saba" katika nusu sekunde. Ukifika ishirini na kitu unaachwa nyuma na hesabu inaharibika. Kwa hiyo hesabu moja hadi kumi tu, ukunje kidole kimoja cha mkono mwingine, kisha uanze tena moja; vidole vitano vikiisha, anza kuvikunjua kimoja kimoja. Makumi 6 na mapigo 8 juu yake ni 68. Au gonga kalamu kwenye karatasi kwa kila pigo, ukahesabu vidoto baadaye. Mapigo yana mwendo sawa kuliko pumzi, kwa hiyo sekunde 30 zinatosha, kisha zidisha kwa 2: hizo 68 zinakuwa 136.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 aliye macho na ametulia huwa kati ya 90 na 150 hivi, na akilala hupungua. Kilio peke yake kinaweza kuupeleka moyo 180, ndiyo maana namba ya mtoto anayelia haina maana. Homa huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Kwa sababu hiyo mapigo 155 kwa mtoto mwenye nyuzi 39 hayatishi kama mapigo 155 kwa mtoto mwenye nyuzi 37.

Mimi huwaambia wazazi hivi. Kama homa imeshuka, mtoto ametulia, na bado mapigo ni zaidi ya 150 kwa aliye chini ya miaka 2, au zaidi ya 140 kwa aliyetimiza miaka 2, aonwe siku hiyo. Yakiwa 180 au zaidi na mtoto ametulia, au yana kasi ambayo huwezi kabisa kuihesabu, aende sasa hivi, hata homa ikiwa juu. Mapigo ya polepole ndiyo yanayonitia hofu kubwa zaidi. Mtoto mgonjwa aliye macho mwenye mapigo chini ya 80, rudia kuhesabu mara moja tu, na kama ni kweli, ondoka. Chini ya 60 kwa mtoto aliyelegea maana yake moyo unakaribia kushindwa.

Mapigo yana kazi yake hasa pale pumzi zinapoonekana sawa. Mtoto mwenye kuharisha na kutapika anaweza kupumua mara 32 bila kikohozi, huku moyo ukienda 170 kwa sababu maji yamemwishia mwilini. Hapo shika mikono na miguu yake. Bonyeza ukucha wa kidole gumba kwa sekunde 5, uachie, uangalie wekundu unavyorudi. Wekundu ukichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, na mikono ni ya baridi, na mapigo ni ya haraka lakini dhaifu, damu haizunguki vya kutosha. Mpeleke mara moja, na njiani, kama yuko macho na anameza, endelea kumnywesha maji ya chumvichumvi ya pakiti kijiko baada ya kijiko. Moyo unaokimbia bila homa kwa mtoto mwenye viganja vyeupe huelekea kwenye upungufu wa damu, na kwetu nyuma yake mara nyingi kuna malaria. Pumzi nzito na za kina kwa mtoto mwenye malaria, hata kama hakohoi, ni dalili ya malaria kali.

Usiku mmoja, Tanga

Jirani yangu alinipigia simu saa 3 usiku. Mwanawe alikuwa na miezi 19, kilo 10, kikohozi siku ya pili, homa imeanza jioni. "Dada, anahema, ila sijui kama ni homa." Nilimwambia asimwamshe, apandishe fulana, aweke kengele ya dakika 1 na ahesabu kupanda kwa tumbo tu. Akapata 46. Akarudia, 45. Kifua hakibonyei. Halafu kipimajoto: 39.1. Mapigo kwenye mkono wa juu: 79 kwa sekunde 30, yaani 158.

Kwa namba hizo peke yake kulikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika. Mapigo 158 yanaweza kuwa ya homa. Pumzi 46 haziwezi kuachwa. Alimpa parasetamo ya maji kwa kipimo cha kilo 10, akamvua sweta, akamnyonyesha. Alinyonya vizuri, hakutapika. Saa 4 na nusu alihesabu tena mtoto akiwa usingizini: joto 38.0, mapigo 144, pumzi 44.

Homa ilishuka nyuzi 1 na kidogo, mapigo yakashuka 14, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pumzi zilishuka 2 tu na bado zilikuwa juu ya mpaka. Maana yake kasi ile haikuwa ya homa, ilikuwa ya kifua. Nilimwambia huyu anahitaji kuonwa, na kwa kuwa ananyonya, akiamshwa anaamka vizuri na kifua hakibonyei, akishindwa kupata usafiri usiku huo aende asubuhi zahanati inapofunguliwa, lakini kwa sharti la kuhesabu kila baada ya saa 2 na kutazama mbavu kila anapohesabu. Akalala hapo nusu macho.

Saa 8 na nusu usiku akanipigia tena. Pumzi 54, na chini ya mbavu kunaingia ndani kila pumzi, sasa hata akiwa usingizini. Mama mkwe wake alikuwa amependekeza wampake mafuta ya karafuu kifuani na wasubiri alfajiri. Nilimwomba ampe mama mkwe simu azungumze nami. "Shikamoo mama. Mafuta hayatafika mapafuni, mwache aende sasa." Akakubali, na akawa yeye aliyemwita dereva wa bajaji mtaani.

Mama alifika hospitalini na karatasi yenye mistari mitatu:

Saa 3:00 – pumzi 46, mapigo 158, joto 39.1
Saa 4:30 – pumzi 44, mapigo 144, joto 38.0 (baada ya dawa)
Saa 8:30 – pumzi 54, kifua kinabonyea

Daktari wa zamu hakuhitaji maelezo marefu, maana karatasi ilionyesha mwelekeo. Kipimo cha oksijeni kwenye kidole cha mguu kilisoma asilimia 88, chini ya mpaka wa 90, na mtoto akawekewa oksijeni kabla hata ya kuandikishwa. Alianzishiwa sindano za dawa ya nimonia usiku huo huo.

Wengine siku hizi wananunua kile kibanio cha kidole kinachosoma oksijeni na mapigo. Vingi vimetengenezwa kwa kidole cha mtu mzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja huteleza, kikasoma 82 au 99 bila ukweli wowote. Ukikitumia, kiweke kwenye kidole gumba cha mguu, na linganisha mapigo kinachoonyesha na yale uliyohesabu mwenyewe. Namba zikipishana sana, usiiamini ile ya oksijeni pia. Na kikisoma vizuri ilhali kifua kinabonyea, fuata kifua.

Mahali ambapo hakuna kuhesabu

Kuna watoto ambao dakika moja ya kuhesabu ni dakika iliyopotea. Asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu anachopewa, aliyepata degedege katika ugonjwa huu, aliyelegea hata haamki kwa kuitwa na kuguswa: beba uende, namba zitahesabiwa huko. Usikubali kimio kikatwe kwa sababu ya kikohozi. Nimewaona watoto waliofika wakivuja damu kooni juu ya nimonia ambayo ingetibiwa kwa dawa za kumeza siku mbili kabla.

Baada ya kuanza dawa

Mtoto aliyepewa amoksilini ya kutumia nyumbani endelea kumhesabu pumzi kila asubuhi na kila jioni, akiwa usingizini, kwa kengele ile ile ya dakika 1. Mapigo si lazima tena isipokuwa homa imerudi. Pumzi zinapaswa kuanza kushuka ndani ya siku 2, na siku ya 3 arudishwe kituoni aangaliwe hata kama ameanza kucheza. Ikiwa siku hiyo bado yuko kwenye 40 na kuendelea, pengine dawa haimfai na itabidi ibadilishwe. Zikipanda wakati wowote, usisubiri siku ya 3. Na dawa imalizwe yote iliyoandikwa, hata namba ikiwa nzuri.

Mtoto wa jirani yangu alikaa wodini siku 4. Jioni ya kwanza nyumbani mama alihesabu 34, kesho yake 31, na siku iliyofuata 28.